Gemu ya Kwenye Seva Inakwama na Picha Inakuwa Viraka: Maswali Yanayoulizwa Sana Hapa Mwanza

Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Kirumba, na usiku nikifunga nacheza gemu kwenye mashine ya kukodi iliyoko Johannesburg. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki, mengine na watu walewale. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya mara mojamoja. Vipimo vya nyumbani nilivyovitaja ni vyangu au vya jamaa zangu.

## Ya kuanzia

Kwa nini YouTube inaenda vizuri lakini gemu ya kwenye seva inakwama, na intaneti ni ileile?

Kwa sababu YouTube inaweka akiba. Unapotazama video, simu yako tayari imeshusha sekunde kadhaa za mbele, hivyo intaneti ikizubaa kidogo unaendelea kula akiba bila kujua. Gemu haina hiyo nafasi. Seva iliyoko mbali ndiyo inayochora mchezo, inaubana kuwa video, inakutumia, na wewe unarudisha vitufe unavyobonyeza. Haiwezi kukutumia sekunde tano za mbele kwa sababu haijui utabonyeza nini.

Kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina nafasi ya milisekunde 16.7. Ikichelewa, skrini inarudia fremu ya zamani. Zikichelewa nne au tano mfululizo, jicho linaona kukwama.

Kipimo cha spidi kinaniambia 30 Mbps, gemu inataka 10. Tatizo liko wapi?

Kipimo cha spidi kinakupa wastani wa sekunde kama kumi, tena kikiwa kimefungua njia kadhaa kwa pamoja. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ikipotea katikati, inaombwa tena kimyakimya, nawe unaona namba nzuri tu. Ni sawa na kusema daladala ya Buhongwa ilibeba abiria mia mbili leo. Ni kweli, lakini wewe uliyesimama kituoni unataka kujua inapita kila baada ya dakika ngapi.

Video ya gemu haiombi tena pakiti iliyopotea. Hadi ombi lifike Johannesburg na jibu lirudi, fremu yake imeshapitwa. Kwa hiyo namba tatu zinahesabika: nafasi ya kupitisha data, pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, pamoja na kuyumba kwake, na upotevu wa pakiti. Kipimo cha kawaida kinakuonyesha vizuri ile ya kwanza tu.

Nahitaji Mbps ngapi?

GeForce NOW, huduma ya Nvidia ya kucheza gemu kwenye seva, wao wanataka 15 Mbps kwa picha ya 720p yenye fremu 60, na 25 Mbps kwa 1080p yenye fremu 60. Moonlight, programu ya bure ninayoitumia, yenyewe inapendekeza 10 Mbps kwa 720p na 20 Mbps kwa 1080p, zote fremu 60.

Namba hizo ni za wakati wote, si za wastani. Sheria yangu ni hii: pima spidi saa mbili usiku mara tano, chukua kipimo kibaya kuliko vyote, kisha weka video isizidi theluthi mbili zake. Kama kibaya chako ni 15, cheza kwa 10. Kutaka 1080p kwenye laini inayofika 22 siku ikiamka vizuri ni kujitafutia viraka.

Na pingi inatakiwa iwe ngapi?

GeForce NOW wanasema isizidi milisekunde 80 hadi kwenye seva yao, na wanapendekeza chini ya 40. Kwa mtu wa Mwanza, 40 isahau kwa seva za Johannesburg au Ulaya. Sababu ipo kwenye swali linalofuata.

Inategemea pia unacheza nini. Kwenye gemu ya kujenga mji au ya karata, milisekunde 150 hutazihisi. Mbio za magari na mpira dhidi ya kompyuta zinavumilika hadi 90 hivi. Gemu ya kulenga shabaha dhidi ya watu wengine mtandaoni, mimi hata sijaribu.

Kwa nini pingi ya kutoka Mwanza haishuki chini ya kiasi fulani hata nikilipia kifurushi kikubwa?

Kwa sababu unapambana na umbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Mwanza data inashuka hadi Dar es Salaam, kama kilomita 1,100 ukifuata barabara. Hapo inaingia kebo ya baharini. Kebo za SEACOM na EASSy zinatua Dar es Salaam na pia Mtunzini, pwani ya Afrika Kusini, takribani kilomita 3,000 za bahari. Kisha inapanda nchi kavu hadi Johannesburg, kama 600 nyingine. Jumla ni kilomita 4,700, yaani milisekunde 47 hata kama kila kifaa njiani kingekuwa hakichukui muda wowote. Kwa uhalisia naona 70 hadi 80.

Ulaya ni mbali zaidi. Hadi Marseille kwa njia ya Bahari ya Shamu, halafu Frankfurt, unavuka kilomita 10,000. Sakafu yake ni milisekunde 100, na ukiona 150 usimlaumu mtu. Kifurushi kikubwa kinapanua bomba, hakifupishi.

## Kuusoma ugonjwa kwenye skrini

Nitajuaje kama ni spidi ndogo, pakiti zinapotea, au pingi inayumba?

Iangalie picha yenyewe kabla hujapima chochote, maana kila ugonjwa una sura yake.

Biti zikiwa chache, picha yote inakuwa laini kama imepakwa mafuta, na miraba inatokea pale palipo na mwendo. Mchezaji akisimama, inajisafisha ndani ya nusu sekunde. Miraba hiyo ina maelezo: kodeki ya H.264, yaani mbinu ya kubana video, inaikata picha katika vipande vya nukta 16 kwa 16, na biti zikikosekana inatupa undani wa ndani ya kila kipande, hivyo unaanza kuona mipaka yake.

Pakiti zikipotea, uharibifu una kingo kali. Unaona mkanda mmoja wa picha umechanika, au kivuli cha mchezaji kimebaki nyuma huku mwenyewe ameshaondoka, na uchafu huo unaendelea kukaa hata mambo yakitulia. Fremu nyingi zinatumwa kama mabadiliko tu ya fremu iliyotangulia, kwa hiyo kosa moja linarithiwa na zinazofuata hadi seva itume fremu nzima mpya. Ukiona uchafu umefutika ghafla kwa mpigo mmoja, fremu nzima ndiyo imefika.

Pingi ikiyumba, picha ni safi kabisa. Inasimama, kisha inakimbia kufidia. Mpira uko katikati ya uwanja, mara uko wavuni.

Mbona menyu inaonekana vizuri, nikiingia uwanjani tu majani yanakuwa uji wa kijani?

Majani ni adui wa kodeki. Menyu ina rangi bapa na haisogei, kwa hiyo inakula biti kidogo sana. Uwanja wa mpira una maelfu ya nyuzi ndogo, kamera inateleza juu yake muda wote, na kila fremu karibu kila nukta imebadilika. Mvua, msitu na umati wa mashabiki ni vilevile. Ndiyo maana usijaribu mipangilio yako ukiwa kwenye menyu. Ijaribu kwenye pambano, kamera ikikimbia.

Kama huwezi kuongeza biti, shusha ukubwa wa picha. 720p yenye 10 Mbps inapendeza kuliko 1080p yenye 10 Mbps, kwa sababu 1080p ina nukta zaidi ya mara mbili za kugawana biti zilezile. Watu wanabisha sana hapa, kisha wakijaribu kwenye simu ya inchi sita wananyamaza.

Upotevu wa asilimia 1 si kitu kidogo?

Kwa WhatsApp, ndiyo. Kwa gemu fanya hesabu. Video ya 10 Mbps, kwa pakiti za baiti 1,250 hivi, ni pakiti 1,000 kila sekunde. Asilimia moja yake ni pakiti 10. Zikitawanyika, fremu 10 kati ya 60 zimeguswa katika kila sekunde moja. Programu kama Moonlight zinapokea pakiti za ziada za kuziba mapengo, kwa hiyo upotevu uliotawanyika unaweza usiuone kabisa. Unaoonekana ni ule unaokuja kwa mkupuo, pakiti 15 zikienda pamoja, kwa sababu hakuna ziada inayoweza kuziba shimo la ukubwa huo.

Kuna sehemu ya kuziona namba hizi nikiwa nacheza?

Kwenye Moonlight ya kompyuta bonyeza Ctrl+Alt+Shift+S. Juu ya skrini inatokea orodha. Angalia mistari minne tu:

```
Frames dropped by your network connection
Frames dropped due to network jitter
Average network latency
Average decoding time
```

Wa kwanza ukipanda, pakiti zinapotea njiani. Wa pili ukipanda, zinafika lakini kwa mafungumafungu. Wa tatu ni pingi, na pembeni yake kuna `variance`, yaani inavyoyumba. Wa nne hauhusu intaneti kabisa. Soma swali la simu kuchemka huko chini.

## Kupima, na kisa kimoja kizima

Napimaje bila kununua kifaa?

Unahitaji kompyuta na amri ya `ping`. Siri yake ni kupima vipande viwili kwa kutenganisha: kutoka kwako hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwako hadi kwenye seva. Kwenye Windows:

```
ping -n 200 192.168.1.1
ping -n 200 anwani-ya-seva
```

Anwani ya ruta imeandikwa mara nyingi kwenye kibandiko nyuma yake. Pima kwanza nyumba ikiwa kimya, kisha pima tena watu wakitumia intaneti kama kawaida yao. Usiridhike na wastani. Kinachokukwamisha ni kile cha juu kabisa, `Maximum`, na idadi ya zilizopotea, `Lost`.

Tupe mfano halisi, namba zikiwemo.

Mpwa wangu anakaa Bugarika, nyumba ya dada yangu, ana ruta ya laini ya simu. Alinipigia usiku: "Shikamoo mjomba. Spidi ni 28 lakini mpira unachanika, halafu unaganda." Nikamwambia asiguse kitu, nitafika kesho saa mbili usiku, maana ugonjwa wa usiku haupimwi mchana.

Nilipofika nilikuta ruta iko sebuleni nyuma ya televisheni, yeye anacheza chumbani, ukuta wa tofali katikati. Nikapima hadi kwenye ruta kwa waifai. Cha chini kilikuwa milisekunde 2, wastani 19, cha juu 214, na pakiti 3 kati ya 200 hazikurudi. Hapo data haijatoka hata nje ya nyumba. Nikachomeka waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta hadi ruta: cha chini chini ya 1, cha juu 3, hakuna iliyopotea. Ugonjwa wa kwanza umepatikana, na kampuni ya laini haihusiki nao.

Tukaendelea na waya. Hadi kwenye seva Johannesburg, nyumba ikiwa kimya: cha chini 71, wastani 78, cha juu 96. Safi kwa hapa kwetu. Gemu ikawashwa, uwanja ukatulia, mpwa akafunga bao, akaanza kunisifu. Dakika haijaisha picha ikaganda. Nikaangalia kipimo kilichokuwa kinaendelea pembeni: 84, 190, 377, 460. Nikauliza nani anatumia simu. Dada akajibu kutoka jikoni, "Mimi, natuma video za kitchen party kwenye grupu."

Huo ndio ugonjwa wa pili. Tulifanya mambo matatu. Tulivuta waya wa mita 15 pembeni ya dari. Tuliingia kwenye ruta tukabana jumla ya kasi ya kupakia, jinsi ilivyoelezwa kwenye swali linalofuata. Tukashusha video kutoka 1080p ya 20 Mbps hadi 720p ya 10 Mbps. Dada akatuma video zake tena kwa makusudi, na pingi ikapanda hadi 110 tu. Mchezo haukuganda.

Ile 78 ilibaki palepale. Ukijumlisha muda wa seva kubana picha, kompyuta kuifungua na skrini kuionyesha, toka kubonyeza kitufe hadi kuona mguu ukipiga ni kama milisekunde 120 au 130. Mpwa anacheza ligi yake dhidi ya kompyuta na ameizoea. Mechi za mtandaoni ameacha.

Kwa nini mtu mmoja kutuma video anaharibu gemu ya mwingine, wakati kutuma na kupokea ni vitu tofauti?

Kasi ya kupakia ya laini za simu ni ndogo sana kuliko ya kushusha. Nyumbani kwa dada ilikuwa kama 4 Mbps. Simu inayotuma video inasukuma data kadiri inavyoweza, na ruta badala ya kukataa inaipanga foleni. Foleni ikiwa ndefu, vitufe vyako vya gemu vinasimama nyuma ya video ya kitchen party kama mtu aliyefika na barua moja dirishani akakuta mbele yake mwenye magunia. Hakuna kilichopotea. Kila kitu kimechelewa.

Dawa ni kuhakikisha foleni haijai. Kama ruta yako ina sehemu ya kudhibiti kasi, mara nyingi imeandikwa `QoS` au `Bandwidth Control`, weka jumla ya kupakia kwenye asilimia 80 hadi 85 ya kasi halisi. Kwa laini ya 4 Mbps, weka 3.2. Ruta zinazokubali OpenWrt, mfumo wa bure unaowekwa badala ya ule wa kiwandani, zina kitu bora zaidi kinachoitwa SQM, chenye `cake`, ambacho kinapanga foleni kwa haki bila wewe kubana kifaa kimojakimoja. Tatizo lake kwenye laini ya simu ni kwamba kasi hubadilika kila saa, kwa hiyo lazima uweke kiwango cha saa mbaya.

Kama ruta haina chochote, kuna njia ya kizamani: ongea na wenye nyumba.

## Mnara, mawe na ziwa

Alama za mtandao zimejaa kwenye simu, mbona bado?

Alama zile zinaonyesha sauti ya mnara ni kubwa kiasi gani. Hazisemi kama unaisikia vizuri katikati ya kelele. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta namba mbili. `RSRP` ni nguvu: -90 kurudi kwenye -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu. `SINR` ni usafi: ikizidi 13 cheza, ikiwa chini ya 3 hata ukiwa na alama zote utakwama.

Mwanza tuna shida ya pekee, na sisi wakazi tunaiona kila siku tukipanda nyumbani. Mawe. Nyumba ya Igogo au Mabatini inaweza kuwa mita 400 tu kutoka kwenye mnara na jiwe kubwa kuliko nyumba likawa katikati. Ruta inashika mawimbi yaliyogonga mlima wa pili na kurudi. Nimewahi kuhamisha ruta kutoka dirisha la mashariki hadi la magharibi ya chumba kilekile, hatua nne, na SINR ikatoka 2 hadi 14. Kwa hiyo kabla ya kununua antena, zunguka na ruta ndani ya nyumba. Isubiri dakika mbili kila mahali na uandike namba.

Wanaokaa ukingoni kabisa mwa ziwa wana kisa kingine. Maji yanaakisi mawimbi ya simu. Ukiwa unashika mnara wa ng'ambo, unapata mawimbi ya moja kwa moja na yale yaliyogonga maji, na yakigongana yanaweza kuuana. Namba zinapanda na kushuka bila wewe kusogea. Ikiwezekana, geuza ruta itazame mnara wa nchi kavu hata kama RSRP yake ni ndogo kidogo.

Waifai ya 2.4 au ya 5?

Ya 5, kama ukuta ni mmoja. Ya 2.4 inafika mbali lakini nyumba zote za jirani zimo humohumo, na njia zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kama kuta ni mbili au zaidi, usihangaike na mawimbi, vuta waya. Kisa cha Bugarika hapo juu kinaeleza kwa nini.

Saa nne asubuhi ni safi, saa mbili usiku ni vurugu. Nifanyeje?

Mnara unagawana nafasi na kila aliye chini yake, na saa mbili usiku wote wako nyumbani. Hakuna mpangilio kwenye ruta yako utakaobadilisha hilo. Kama eneo lako lina faiba hadi nyumbani, hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi. Kama halina, cheza baada ya saa tano usiku. Mimi ndivyo ninavyofanya, na mke wangu ana maoni yake.

Bando linaisha haraka. Saa moja inakula kiasi gani?

Gawanya Mbps kwa 8 upate megabaiti kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3,600. 10 Mbps ni GB 4.5 kwa saa. 20 Mbps ni GB 9. Kwa anayecheza saa mbili kila siku kwa 10 Mbps, mwezi ni GB 270. Kwa bando la kawaida la simu hiyo haiwezekani. Unahitaji kifurushi cha nyumbani kisicho na kikomo. Navyo visivyo na kikomo, soma maandishi madogo. Vingi vina kiwango ambacho ukikivuka kasi inabanwa hadi mwisho wa mwezi. Utajua umebanwa ukiona kipimo kinatoa namba ileile kila mara, mchana na usiku, kwa mfano 2.0, 2.0, 2.0. Mnara uliozidiwa unayumba. Kasi iliyobanwa kwa makusudi haiyumbi.

## Ya mara mojamoja

Seva iko Johannesburg lakini pingi yangu ni 260. Inakuwaje?

Data yako huenda inazungukia Ulaya. Mitandao miwili ya Afrika isipokutana Afrika, inakutana London au Marseille, na safari ya kwenda jirani inapitia kwa wazungu. Kagua kwa `tracert` ikifuatwa na anwani ya seva. Ukiona ghafla pingi inaruka kutoka 30 hadi 160 kwenye hatua moja, na jina la hatua hiyo lina herufi kama `lon` au `mrs`, umepata jibu. Jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kubadilisha chochote.

VPN inapunguza pingi?

Kwa kawaida inaongeza, kwa kuwa ni kituo cha ziada njiani. Inasaidia katika hali moja, ile ya swali lililotangulia: VPN yenye seva Afrika Kusini inaweza kuilazimisha data ishuke moja kwa moja. Ipime kwa `ping` kabla hujalipia mwaka mzima.

Napiga `ping` kwenye mashine yangu ya kukodi, haijibu, lakini gemu inafanya kazi.

Ni kawaida. Mashine nyingi za kukodi zinafungiwa kujibu amri hiyo hadi uifungulie ICMP, njia inayotumiwa na `ping`, kwenye ulinzi wake. Ifungulie, au soma `Average network latency` ndani ya Moonlight.

Dakika kumi za mwanzo safi, kisha inaanza kusuasua na simu inachemka.

Hapo iache intaneti, angalia `Average decoding time`. Ikizidi 16, simu inashindwa kufungua fremu 60 kwa sekunde. Chanzo mara nyingi ni kuchagua kodeki ya HEVC au AV1 kwenye simu isiyo na chipu ya kuifungua, ikabaki kutumia nguvu ya prosesa. Rudisha H.264, au shusha fremu ziwe 30. Kava la mpira ulitoe pia. Kama simu inachajiwa huku ukicheza, joto linaongezeka na prosesa inajipunguza kasi yenyewe.

Kuna siku kila kitu kilikufa, hata ruta ilikuwa na alama zote. Nini kilitokea?

Angalia kama kebo ya baharini imekatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika siku moja, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo tovuti zilizohifadhiwa ndani ya nchi zinafunguka, za nje hazifunguki au zinajivuta kwa pingi ya mamia kwa sababu data imepelekwa njia ndefu. Ruta yako ni nzima, kwa hiyo usiifute mipangilio. Kuna mteja aliileta ruta yake kibandani asubuhi ile akiwa ameshairudisha kama ilivyotoka kiwandani, na nenosiri la laini hakuwa nalo. Kebo ilipona kabla yake.

Naweza kucheza nikiwa kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe?

Gemu ya karata, ndiyo, ukiwa bado karibu na Mwanza. Katikati ya ziwa simu inaruka kutoka mnara hadi mnara, na kila kuruka ni pengo ambalo gemu inaliona. Mimi nilijaribu mara moja, mpira ukaganda goli likiwa wazi, na ulipofunguka tulikuwa tayari tumekaribia Nansio na nimefungwa manne.